Zuhura ndani ya miaka ya Zohali

Kwetu Maniema, anayetaka kujua nyota yake humpelekea mwalimu jina lake na jina la mama yake, herufi zikageuzwa hesabu. Unajimu wa Kihindi hauulizi jina. Huuliza Mwezi ulikuwa wapi ulipozaliwa, na kutoka hapo hukupangia miaka 120 iliyogawiwa sayari tisa: Zohali hupewa 19, Zuhura 20, Rahu 18, Mshtarii 16, na nyingine sehemu zao. Mpango huo huitwa Vimshottari. Kipindi kikubwa cha sayari moja ni mahadasha, na ndani yake sayari zote tisa hupokezana vipindi vidogo, antardasha, kuanzia na ile yenye kipindi hicho.

Urefu wa kipindi kidogo hauhitaji jedwali. Zidisha miaka ya sayari mbili, gawa kwa kumi, upate miezi. Zuhura ndani ya Zohali ni 19 mara 20, yaani 380. Gawa kwa kumi, miezi 38.

Ugumu uko kwenye kusoma sayari mbili kwa pamoja. Wengi husoma maana ya Zohali, kisha ya Zuhura, wakazijumlisha: taabu kidogo, mapenzi kidogo. Huko ni kubahatisha. Sayari ya kipindi kikubwa ndiyo mwenye nyumba: huamua maisha yamesimama juu ya jambo gani kwa miaka yote ile. Ya kipindi kidogo ni mpangaji wa muda. Huleta tukio, lakini ndani ya kuta za mwenzake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume, mfanyabiashara wa mchele, alizaliwa Kasuku, saa tano usiku, buruji ya Ng'ombe ikichomoza. Mwezi ulikuwa katikati ya Shatabhisha, manzili ya Rahu, kwa hiyo nusu ya miaka 18 ya Rahu ilikuwa imekwisha kupita. Alibakiwa na tisa, ikafuata 16 ya Mshtarii, na Zohali akaanza akiwa na umri wa miaka 25. Kabla ya Zuhura wanapita Zohali mwenyewe, Utaridi na Ketu, karibu miezi 82. Zuhura anaingia mtu huyu akikaribia miaka 32.

Kwa aliyezaliwa Ng'ombe ikichomoza, Zohali anatawala nyumba ya tisa na ya kumi, yaani bahati na kazi, na hapa yumo katika Ndoo, buruji yake mwenyewe, kwenye nyumba ya kumi. Basi miaka yote 19 inahusu kazi, na msingi wake ni imara. Zuhura anatawala ya kwanza, mwili wa mtu huyu, na ya sita, madeni na maradhi. Naye yuko katika Mashuke, anakodhoofika. Sasa hesabu kutoka alipo Zohali hadi alipo Zuhura, Ndoo ikiwa ya kwanza: Mashuke ni ya nane. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo kiini cha usomaji. Ya sita, ya nane na ya kumi na mbili humaanisha sayari mbili hazisaidiani. Ya tano, ya tisa, au ya nne, ya saba na ya kumi, hushikana mkono.

Hukumu yangu basi: biashara ya mchele ya mtu huyu haivunjiki, ila katika miezi ile 38 anaiendesha kwa mkopo, na mwili unalalamika. Zuhura angekuwa Ndoo pamoja na Zohali, ningesema kinyume: ni wakati wa kupanua.

Jozi hii ina kanuni yake katika kitabu cha Laghu Parashari: Zohali na Zuhura, kila mmoja akiingia kipindi cha mwenzake, hubadilishana matunda. Wafafanuzi wengi huelewa kwamba Zuhura ndani ya Zohali hutoa zaidi matunda ya Zohali. Ndiyo maana nimeliweka deni kwenye kazi, si kwenye ndoa.

Elimu hii ni mapokeo ya kufasiri; hakuna jaribio la kisayansi lililoithibitisha, na mkopo wa kweli huamuliwa na daftari la mauzo.

Kwa msomaji wa Kindu kuna kosa moja la kuangalia. Kongo ina kanda mbili za saa, na Maniema hufuata ya mashariki. Programu ya unajimu ikiwekwa `Africa/Kinshasa`, saa ile ile ya kuzaliwa husomwa kama imechelewa saa nzima. Mwezi husogea karibu nusu digrii kwa saa, na manzili ina digrii 13 na dakika 20. Kwa miaka 18 ya Rahu, hiyo ni karibu miezi minane. Vipindi vyote vya mtu wetu vingeanza mapema kiasi hicho, na hata buruji inayochomoza ingeweza kubadilika. Chagua `Africa/Lubumbashi` kabla ya kusoma lolote.