Salio la Bitkoini Halijaandikwa Popote

Swali ni lile lile: "Nimetuma kiasi kidogo cha bitkoini, lakini naona karibu zote zimehamia anwani nisiyoijua. Nimeibiwa?" Hapana, hukuibiwa. Anwani ile ni yako, na kilichopelekwa huko ni chenji yako.

Pesa za simu zimetuzoesha kuamini kwamba kila mtu ana salio lililoandikwa mahali fulani, likipungua na kuongezeka. Katika Bitcoin salio hilo halipo. Mtandao unatunza orodha ya mapokeo ambayo hayajatumika, yanayoitwa UTXO, na kila pokeo lina kiasi chake na sharti la kulifungua. Namba unayoiona kwenye pochi ni jumla tu ambayo programu imekupigia. Tena pokeo halimegwi: ukiligusa, linateketea lote na mapya yanazaliwa.

Tuseme ulipokea satoshi 50,000,000 kwa mkupuo mmoja, yaani nusu bitkoini, na sasa unataka kumlipa fundi 8,000,000. Muamala unakula zote 50,000,000 na kuzaa mapokeo mawili: 8,000,000 za fundi na 41,998,590 zinazorudi kwako, kwa kawaida katika anwani mpya ambayo pochi imeitengeneza yenyewe. Satoshi 1,410 zilizobaki ni ada. Hakuna mahali ada inapoandikwa. Ni tofauti ya kilichoingia na kilichotoka. Ndiyo maana anayeunda muamala kwa mkono akasahau chenji huwa ameigawa yote kwa mchimbaji.

Sasa anakuja "mtaalamu wa kurejesha fedha" na kukuomba maneno yako 12 ya siri ili aifuate chenji. Huyo ni mwizi, na kabla yake hapakuwa na wizi wowote! Dawa nyingine mbovu ni kuhifadhi ufunguo wa ile anwani moja uliyopokelea. Chenji haiko tena pale, kwa hiyo umehifadhi ufunguo wa chumba kitupu.

Ethereum ndiyo yenye salio halisi. Kila akaunti ina kiasi na nambari ya zamu ya miamala. Kutuma ni kutoa huku na kuongeza kule. Uhamisho wa kawaida wa etha hutumia gesi 21,000, hata kama ulizipokea kidogo kidogo mara mia. Kwa Bitcoin, malipo yale yale ya fundi yakikusanywa kutoka mapokeo kumi badala ya moja, muamala hurefuka na ada hupanda kutoka satoshi 1,410 hadi takriban 7,500, kwa kiwango kile kile cha ada.

Basi, upesi: tafuta anwani za chenji ndani ya pochi kabla ya kupiga kelele. Hifadhi maneno ya siri, usihifadhi ufunguo mmoja. Unganisha mapokeo madogo ada zikiwa chini, ukijua kwamba atakayetazama ataweza kukisia yote ni ya mtu mmoja. Na kwa Ethereum, muamala ukikwama, angalia zamu: wa 8 haupiti kabla ya wa 7, kwa hiyo tuma upya ule wa 7 kwa nambari ile ile na ada kubwa zaidi.