MIZIZI YENYE VIFUNDO: TUITAZAME NYANYA ILIYONG'OLEWA

Nyanya inanyauka saa sita mchana, na huku udongo una maji. Jioni inasimama tena. Kesho mchana inanyauka tena. Wengi wetu husema, "Hii imekosa maji," tukaongeza maji. Wengine hununua mbolea. Wengine hupuliza dawa kwenye majani. Fedha inakwisha na nyanya haiponi. Kumbe ugonjwa wenyewe huenda uko chini, kwenye mizizi.

Ndugu wasomaji, leo tutajifunza kuutambua ugonjwa unaoletwa na minyoo fundo. Minyoo hii si ile ya tumboni, wala si ile mikubwa tunayoifukua kwa jembe. Hii ni midogo sana, hatuwezi kuiona kwa macho ndani ya udongo. Lakini kazi yake tunaiona. Kazi yake ni vifundo.

TUISOME PICHA

Picha ya ukurasa huu ni ya mizizi ya nyanya iliyooshwa. Imepigwa kwa karibu. Kando yake imewekwa njiti ya kiberiti ili tujue ukubwa wa kila kitu.

Tuanzie juu, penye shina, tuteremke na mzizi mmoja mpaka ncha yake. Mzizi mzima hupungua unene pole pole, kama mkia wa panya. Huu wa kwenye picha haufanyi hivyo. Unavimba, unakuwa mwembamba, unavimba tena, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Vifundo vingine ni vidogo kama punje ya mtama. Vingine vimeungana, vikawa kama kipande cha tangawizi. Tazama pia kwamba vimizizi vyembamba kama nywele ni vichache. Hivyo ndivyo vinavyokunywa maji. Ndiyo maana nyanya inaona kiu hata penye maji.

Bamia huonesha ugonjwa huu wazi zaidi. Mara nyingi vifundo vyake ni vikubwa, na huungana mpaka mzizi mzima unakuwa mnene wenye mabonge.

VIFUNDO HUTOKEA VIPI?

Mnyoo mchanga huingia mzizini karibu na ncha. Akifika ndani hutulia mahali pamoja na kunyonya. Mzizi huvimba kumzunguka. Jike hunenepa humo ndani, kisha hutaga mayai mamia kadhaa. Penye udongo wa joto, kizazi kipya huwa tayari kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Basi nyanya ikikaa shambani miezi minne, vizazi kadhaa hupita. Minyoo iliyokuwa michache wakati wa kupanda huwa mingi mno wakati wa kuvuna.

NAMNA YA KUNG'OA

Tusivute shina kwa mkono. Tukivuta, vimizizi vyenye vifundo hukatika na kubaki ardhini. Tutaona mizizi michache misafi, tudanganyike. Tuchimbe kwa jembe kuzunguka mche, tuunyanyue pamoja na udongo wake, tuuloweke katika ndoo ya maji. Udongo ulainike, tuutikise pole pole mpaka mizizi itakate.

Tusichague mche uliokwisha kufa, maana mizizi yake imeoza. Tuchague ulioanza kunyauka, na mwingine wa jirani unaoonekana mzima. Minyoo fundo hukaa kwa mabaka mabaka, haienei sawasawa shamba zima.

Kama tunataka kumpelekea bwana shamba picha kwa simu, tutandaze mizizi hiyo juu ya kitambaa cheusi na kuweka njiti ya kiberiti kando. Mizizi isiyooshwa haifai kupigwa picha. Bonge la udongo laweza kuonekana kama kifundo.

VITU VINAVYODANGANYA MACHO

Kwanza, mizizi ya kunde na maharage ina vinundu vyema, vinavyotengeneza mbolea. Vimeshikilia ubavuni mwa mzizi. Tukivisukuma kwa ukucha, vinabanduka. Tukikipasua kilicho hai, ndani huwa chekundu au cha waridi. Kifundo cha minyoo hakibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Tukitaka kukitoa lazima tuukate mzizi. Nyanya na bamia hazina vinundu vile vyema. Lakini maharage na kunde zaweza kuwa na vyote viwili, basi tujaribu kwa ukucha. Picha peke yake haitoshi hapo.

Pili, shina la nyanya huota vipele karibu na ardhi. Hivyo ni mizizi mipya inayotaka kutoka. Si ugonjwa.

Tatu, kuna mnyauko unaoletwa na bakteria. Nao huangusha nyanya penye maji, lakini hauleti vifundo.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme mkulima ana matuta 6 ya nyanya bondeni. Katika tuta la 2 na la 3 nyanya zimedumaa, na mchana zinanyauka. Anachimba mche mmoja hapo, anauosha, anaona vifundo kama shanga. Anachimba mwingine wa jirani, ambao majani yake bado ni mazuri. Nao una vifundo vichache, vidogo. Sasa amejua kwamba baka ni kubwa kuliko linavyoonekana kwa juu.

Katika tuta la 6 mche mmoja umeanguka ghafla, na majani yake bado ni ya kijani. Mizizi yake haina vifundo. Anakata kipande cha shina la chini na kukining'iniza katika gilasi ya maji safi, ncha tu iguse maji. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa unateremka majini. Huo ni mnyauko wa bakteria. Shamba moja lina magonjwa mawili. Na mche mmoja waweza kuwa nayo yote mawili, basi kipimo cha gilasi kifanywe hata penye vifundo.

TUFANYE NINI?

Nyanya iliyokwisha kuwa na vifundo haitibiwi ikapona. Tunaloweza ni kuokoa zao linalofuata. Tukimaliza kuvuna tung'oe mizizi yote, tuikaushe na kuichoma moto. Tusiitupe mferejini, maana maji yatapeleka mayai kwa jirani. Wakati wa kiangazi tugeuze udongo mara mbili au tatu, jua liukaushe.

Tusifuatishe bamia, biringanya, tango au tikiti mahali hapo. Yote hayo hulisha minyoo hiyo. Mahindi nayo yaweza kuilisha, ingawa vifundo vyake ni vigumu kuviona. Marejea ni bora zaidi. Hupunguza minyoo, ingawa haiimalizi. Tukinunua mbegu za nyanya, tutafute herufi N kwenye pakiti, kama katika VFN. Maana yake ni kwamba aina hiyo hustahimili minyoo fundo. Lakini udongo ukiwa na joto kali, nguvu hiyo hupungua.

Zaidi ya yote, tukague kitaluni. Kabla ya kuhamisha miche, tuoshe mizizi ya miche kumi na kuitazama. Tukikuta kifundo hata kimoja, tusipande miche ya kitalu hicho. Tukiipanda, tutakuwa tumeyapeleka mayai shambani kwa mikono yetu wenyewe.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini tusing'oe nyanya kwa kuvuta shina?
2. Kwa ukucha tutatofautisha vipi kinundu cha kunde na kifundo cha minyoo?
3. Nyanya imeanguka, mizizi yake ni misafi. Tutapima nini?