Barua ya Benki Isomwe Kaunta

Barua ya benki kwa ajili ya viza huwa ya aya mbili tatu tu, na wengi huitia kwenye bahasha bila kuisoma. Tuchukulie mwanafunzi wa Tanga aliyepata nafasi katika chuo kikuu cha Uingereza. Fedha zake zipo kwenye akaunti ya mama yake, naye anakusudia kutuma maombi tarehe 10 Septemba.

Aanze na tarehe. Kanuni za Uingereza kwa wanafunzi zinataka fedha ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho kati ya hizo isiwe imepitwa na zaidi ya siku 31 maombi yanapotumwa. Barua inayothibitisha salio la 20 Agosti itahesabiwa kurudi nyuma hadi 24 Julai, na muda wake utaisha 20 Septemba. Hapo yuko salama.

Tatizo liko kwenye maneno. Barua inasema mama ni mteja tangu 2016 na salio lake la leo ni shilingi milioni 60. Lakini salio la leo halithibitishi kilichokuwamo 24 Julai. Likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu imevunjika. Aiombe benki itaje kwamba kiasi hicho kilikuwapo siku zote 28, au aambatishe taarifa ya akaunti.

Kisha alinganishe jina na namba ya akaunti, tarakimu kwa tarakimu, na ile taarifa ya akaunti. Jina la mama lifanane na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi, kwa sababu cheti hicho ndicho kinachothibitisha uzazi. Pia mama aandike barua ya kuridhia fedha zake zitumike.

Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya benki, na aliyetia saini aandike jina na cheo chake, pamoja na muhuri na simu ya tawi. Ofisi ya viza inaweza kuwasiliana na benki kuihakiki, na saini isiyo na jina haina wa kuulizwa. Madhumuni nayo yasomwe: benki hutumia barua za mfano, na iliyoandikwa kwa ajili ya zabuni inaweza kuchapwa tena bila kubadilishwa sentensi hiyo.

Kosa lolote lirekebishwe na benki yenyewe, si kwa kalamu ya mwombaji. Waraka uliochezewa unaweza kumfungia mtu mlango wa Uingereza kwa miaka 10.

Sababu ya kuisoma palepale kaunta ni hii: ikirudishwa siku tano baadaye, benki huenda ikatoa nyingine yenye salio na tarehe ya 25 Agosti. Hesabu sasa inaanzia 29 Julai, na kama mama alitoa fedha tarehe 22 Agosti, barua mpya iliyosahihishwa jina itakuwa imeharibika kwenye salio.