Kinyama Kinachotoka: Bawasiri au Utumbo?

Wagonjwa wengi hawafiki hospitali na neno la kitabibu. Wanafika na sentensi moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Daktari, kuna kinyama kinatoka nikienda haja." Mara nyingi anayesikia, awe muuza dawa, jirani au hata mhudumu wa afya, hujibu papo hapo kwamba hiyo ni bawasiri. Na kwa kuwa bawasiri ni nyingi kuliko magonjwa mengine ya sehemu hiyo, mara nyingi anakuwa amepatia. Taabu ipo kwa wale wachache ambao kinachotoka si bawasiri bali ni utumbo wenyewe. Hao wanaweza kupaka marhamu kwa miaka, na wengine hata kufanyiwa upasuaji, bila kupata nafuu.

Tuanze na kilicho ndani. Kila mtu, mzima na mgonjwa, ana vinundu laini vilivyojaa mishipa ya damu kwenye njia ya haja kubwa, karibu kabisa na tundu. Kwa kawaida huwa vitatu vikubwa, na kazi yake ni kusaidia kuziba njia ili hewa na majimaji yasivuje. Choo kigumu, kujikamua kwa muda mrefu, mimba na umri hulegeza nyuzi zinazovishikilia. Vikivimba na kushuka, hiyo ndiyo bawasiri. Ikifika hatua ya kutoka nje, mwanzoni hurudi yenyewe, baadaye hulazimu kurudishwa kwa kidole, na mwishowe hubaki nje moja kwa moja.

Utumbo kutoka ni jambo jingine kabisa. Hapa kinachoshuka ni puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana ambamo choo husubiri kabla ya kwenda haja. Ukuta wake mzima, kuanzia utando wa ndani hadi msuli, unajikunja na kupita kwenye tundu hadi nje, kama mkono wa kanzu uliopinduliwa ndani nje. Watu wazima wanaopatwa sana ni wanawake waliovuka miaka 50, na hatari huongezeka kadiri umri unavyosonga. Wapo wanaosema chanzo ni uzazi tu, lakini hata wanawake ambao hawajazaa hupatwa, na wanaume pia, ingawa kwa uchache. Kujikamua kwa miaka mingi, misuli ya sakafu ya nyonga iliyolegea na utumbo usioshikamana vizuri na mfupa wa nyuma ya nyonga hukutana kwa mtu mmoja, kisha utumbo ukaanza kuteremka.

Tuchukue mgonjwa wa mfano, bibi wa miaka 67, mkulima, mama wa watoto saba. Kwa miaka minne amekuwa akitokwa na kinyama chooni. Mwanzoni kilirudi akisimama tu, sasa hukirudisha kwa mkono, na siku hizi kinatoka hata akikohoa au akiinama kupalilia. Ametumia marhamu na vidonge vya kuingiza nyuma. Katika zahanati moja alilazwa kitandani kwa ubavu, akaangaliwa, akaambiwa kuna bawasiri ndogo. Baadaye alifungwa vipira kwenye vile vinundu, mara mbili. Kinyama kikaendelea kutoka.

Kosa lilianzia pale kitandani. Mtu akilala, utumbo hurudi mahali pake na tundu huonekana la kawaida, pengine likiwa limelegea kidogo. Kwa kuwa karibu kila mtu wa umri ule ana vinundu vilivyovimba kiasi, mwenye kutafuta bawasiri hataikosa. Ataiona, ataitibu, na ugonjwa wenyewe utakuwa umejificha ndani.

Daktari wa upasuaji aliyemwona baadaye hakuanza na kitanda. Alimuuliza swali ambalo hakuwahi kuulizwa: "Bibi, samahani kwa swali hili. Choo kinakuvuja bila wewe kujua?" Bibi alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, kanga zangu nafua kila siku. Msikitini siendi tena." Jibu hilo pekee lilitosha kumtia shaka. Bawasiri huweza kuacha ute na unyevunyevu kwenye nguo, lakini kushindwa kuzuia choo chenyewe si kawaida yake. Kwa wenye utumbo unaotoka, nusu yao au zaidi hushindwa kuzuia choo, kwa sababu msuli wa kubana unatanuliwa kila siku na kitu kinene kinachopita katikati yake, na mishipa ya fahamu inayouongoza imevutwa na kuchoka.

Kisha akamwomba achuchumae na ajikamue kama yuko chooni. Kwa wazee wa kwetu, waliozoea choo cha kuchuchumaa, hilo si gumu; kikwazo ni haya, na muuguzi wa kike na pazia husaidia sana. Kama kinyama hakitoki pale kliniki, ipo njia nyingine ambayo madaktari wengi sasa wanaikubali: mgonjwa apige picha kwa simu kikiwa nje, nyumbani kwake, akisaidiwa na mtu anayemwamini, kisha aionyeshe. Kwa maoni yangu picha hiyo moja, mbaya namna gani, ina manufaa kuliko maelezo ya nusu saa.

Kikishatoka, kitu cha kwanza kuangalia ni mwelekeo wa mikunjo. Utumbo uliotoka wote una mikunjo ya duara, pete juu ya pete, zikizunguka tundu lililo katikati ya ncha yake. Bawasiri haina pete. Yenyewe ni mafungu yaliyotengana, na mifereji inayoyatenganisha hutoka katikati kwenda pembeni, kama mishale ya saa inavyotoka kwenye kitovu chake. Mgonjwa akiwa chali, mafungu makubwa huwa upande wake wa kushoto, kulia mbele na kulia nyuma. Asiye daktari anaweza kuliona hilo kwenye picha akishaelezwa mara moja.

Urefu nao husaidia. Bawasiri hutokeza sentimita chache tu, ila utumbo unaweza kuning'inia sentimita 10 na zaidi. Kwa bibi huyu kilitoka kiasi cha sentimita 8, chekundu, kina ute, na pete zake zilihesabika. Daktari akavaa glovu, akakishika kati ya kidole gumba na cha shahada. Alihisi unene, kuta mbili za msuli zikipitana. Kama ingekuwa utando wa juu tu umeshuka, angehisi kitu chembamba na laini. Mwisho akaingiza kidole baada ya kukirudisha na kumwambia abane. Hakuna kilichobana sawasawa.

Hapa pana eneo la katikati linalowachanganya hata wataalamu. Wakati mwingine ni utando wa ndani pekee unaoshuka, bila msuli, na mikunjo yake hufanana na ya bawasiri. Huo kwa kawaida hutibiwa kama bawasiri na hupona. Pia mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili kwa pamoja. Ndiyo maana picha peke yake haimalizi kazi. Mkono wa daktari lazima uguse.

Kwa nini basi vipira vya yule bibi vilishindwa? Kipira kidogo hufungwa kwenye shina la kinundu, juu ya sehemu yenye mishipa ya maumivu. Damu hukatika, na baada ya takriban wiki moja kinundu hukauka na kudondoka. Kwa bawasiri ya hatua ya pili, na nyingi za hatua ya tatu, ni tiba nzuri, ikiambatana na mboga, matunda, dona badala ya sembe, maji ya kutosha na kuacha kukaa chooni na simu. Bawasiri kubwa hukatwa. Katika yote hayo kinachoondolewa ni nyama ya ziada iliyo karibu na tundu. Lakini kwa mwenye utumbo unaotoka hakuna nyama ya ziada pale. Kasoro iko juu zaidi, ndani ya nyonga, ambako utumbo haukushikiliwa. Kukata mlangoni hakuuzuii kuteremka. Ubaya zaidi ni kwamba upasuaji wa bawasiri unaweza kugusa msuli wa kubana, na mgonjwa huyu msuli wake tayari ni dhaifu. Anaweza kutoka chumba cha upasuaji akivuja kuliko alivyoingia. Dawa kali za kuunguza zinazouzwa mitaani ni hatari zaidi, kwani hapo anayeunguzwa ni utumbo wenyewe.

Kinyume chake nacho ni kosa: mwenye bawasiri tu hana sababu ya kufunguliwa tumbo.

Tiba ya utumbo unaotoka kwa mtu mzima ni upasuaji, na njia ziko mbili. Moja hupitia tumboni: utumbo huvutwa juu na kushonwa kwenye mfupa wa nyuma ya nyonga, wakati mwingine kwa kutumia wavu maalumu, ama kwa mkato mkubwa au kwa matundu madogo yenye kamera. Ya pili hupitia chini, penye tundu lenyewe: utando hubanduliwa na msuli kukunjwa, au kipande kinachotoka hukatwa na ncha kuunganishwa. Njia ya chini ni nyepesi kwa wazee wenye moyo au mapafu dhaifu, ila kwa ujumla uwezekano wa utumbo kurudi kutoka ni mkubwa zaidi kuliko ule wa njia ya tumboni. Kabla ya yote, mtu wa umri huo anayetokwa na damu au aliyebadilika choo huchunguzwa utumbo mpana kwa kamera, maana uvimbe wa saratani nao unaweza kujificha nyuma ya kisingizio cha bawasiri.

Iko hali moja isiyosubiri miadi. Utumbo ukikwama nje huvimba, na ukivimba hukataa kurudi. Ukiwa bado mwekundu, hospitalini huwa wanaunyunyizia sukari ya kawaida ya mezani, ambayo huvuta maji, kisha baada ya dakika kadhaa uvimbe hupungua na utumbo husukumwa taratibu. Ukigeuka zambarau iliyokolea au mweusi, damu haifiki tena, na hapo ni upasuaji usiku huohuo. Njiani ufunikwe kwa kitambaa safi chenye maji, bila marhamu.

Kwa watoto wadogo mambo hubadilika. Bawasiri kwao ni nadra mno, kwa hiyo kinachotoka kwa mtoto wa miaka miwili huwa ni utumbo, na nyuma yake kuna kuhara, utapiamlo, kifaduro au mzigo mkubwa wa minyoo yenye umbo la mjeledi. Kikitibiwa chanzo, wengi hupona bila kisu.

Bibi wetu wa mfano alipasuliwa kupitia tumboni, kwa kuwa moyo wake ulikuwa imara. Utumbo haukutoka tena. Kuvuja hakukwisha siku hiyohiyo. Msuli uliotanuliwa miaka minne huchukua miezi sita hadi mwaka kurudisha kinachoweza kurudi, na kwa wengine haurudi wote. Alifundishwa kubana na kuachia mara kadhaa kwa siku. Tatizo jipya lililomsumbua lilikuwa kufunga choo, jambo linalojulikana baada ya upasuaji huu, na kwa hilo alipewa dawa ya maji ya kulainisha, akakatazwa kabisa kujikamua.