Gamba la Bahari Kifuani mwa Chifu

Huko Katanga, kuanzia Manika hadi Bunkeya, shaba i chini ya miguu. Hata hivyo, alama ya utawala iliyoheshimiwa kupita nyingi katika nchi hii ilitoka baharini, zaidi ya kilomita 1,400 mashariki: kisahani cheupe cha gamba la konokono, kiitwacho mpande au omande.

Kisahani hicho hutoka kwenye gamba lenye umbo la pia. Fundi alikata upande wake mpana, akausugua juu ya jiwe mpaka uwe bapa, kisha akatoboa katikati ili kamba ipite. Ukubwa wake hauzidi sana kiganja cha mtoto. Chifu alikivaa shingoni, pamoja na shanga, na aliyemwona alijua anaongea na nani kabla hajatajiwa jina.

Thamani yake tunaijua kwa sababu mgeni mmoja aliiandika. Mwezi Januari 1854, Shinte, chifu wa Walunda katika Zambia ya leo, aliingia kwa David Livingstone, akamvika shingoni kamba ya shanga yenye gamba hilo, kuthibitisha urafiki wao. Livingstone aliandika kwamba magamba mawili yaliweza kununua mtumwa, na matano yalikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu. Hesabu hiyo ya watu inauma kuisoma, lakini ndiyo iliyotumika. Kwa mapokeo ya Bayeke, watu wa Msiri, yeye naye, mgeni kutoka Unyamwezi, alipokea omande kwa Mpande, chifu wa Basanga. Bunduki alikuwa nazo. Gamba lilimpa kitu ambacho bunduki haikuweza kumpa, yaani ridhaa ya wenye nchi.

Kwa nini gamba, si shaba? Nadhani jibu ni umbali: kitokacho mbali huwa adimu. Ukishuka mto Lualaba hadi ziwa Kisale, mbali na machimbo, mambo yanabadilika. Huko Sanga, wachimbuzi walifukua mwaka 1957 na 1958 makaburi ya karne nyingi zilizopita, na shaba ilikuwa miilini mwa wafu: bangili, mikufu, vikuku. Baadhi ya makaburi ya watoto yalijaa vitu vya thamani. Mtoto hajapata muda wa kujichumia cheo, kwa hiyo mapambo yale yanasema habari za ukoo wake kuliko zake mwenyewe.

Alama inayotegemea uadimu huharibiwa na wingi. Viwanda vya Ulaya vilipoiga mpande kwa kaure, kisahani kikawa bidhaa ya mwenye kununua. Ukipata kimoja leo, kigeuze. Cha kweli huonyesha nyuma mabaki ya kuta za ndani za gamba, na mzunguko wake haulingani kikamilifu na wa kingine chochote. Cha kaure mara nyingi ni bapa nyuma, na mzunguko wake umetoka kwenye kalibu, sawasawa na wa ndugu zake wote.