Siku nne za mtoto aliyelazwa

Jumapili usiku mtoto wa miaka mitatu anapumua kwa kasi, mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta hewa. Daktari wa zamu anasema ni nimonia, alazwe. Mama yake anafunga maboksi kiwandani Dar es Salaam, Jumatatu hadi Jumamosi, na anamlea mtoto peke yake. Wodini anatakiwa mtu wa kukaa na mtoto usiku na mchana. Daktari anakadiria siku tano hadi saba, na Jumatatu zamu inaanza saa moja asubuhi.

Wengi wakifika hapa huandika barua ya kuomba "likizo ya ugonjwa". Hapo wamekosea mlango. Kwa Tanzania Bara, likizo ya ugonjwa ni ya mfanyakazi anayeumwa mwenyewe. Mtoto akiugua, kifungu kinachohusika ni cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kinachompa mfanyakazi angalau siku nne zenye malipo. Siku hizo ni jumla kwa mzunguko mzima wa likizo, na hutumika pia kwa misiba ya karibu. Aliyemzika mzazi wake kwa siku mbili amebakiwa na mbili za mtoto. Anayezidi hapo anahitaji ruhusa ya mwajiri, na siku za ziada hazilipwi. Aliyeajiriwa chini ya miezi sita kwa kawaida hana bado haki ya likizo hii yenye malipo.

Sheria inahesabu siku kwa mfanyakazi, haihesabu kwa mtoto. Baba na mama wote wakiwa wameajiriwa, kila mmoja ana zake nne, kwa hiyo wakipokezana mtoto wao ana nane. Anayelea peke yake ana nne tu, na hakuna kifungu kinachomwongezea kwa sababu hana wa kumpokea. Kwa maoni yangu hilo ni pengo, ila kwa sasa linazibwa kwa namna barua inavyoandikwa.

Tuseme mama yetu alishatumia siku moja mtoto alipougua malaria, hivyo amebakiwa na tatu. Jumatatu, Jumanne na Jumatano ni haki yake. Alhamisi hadi Jumamosi itabidi zitoke kwenye likizo ya mwaka, na hizo ni ombi, kwa kuwa mwajiri ndiye mwenye kauli kuhusu wakati wa kuitumia. Haki na ombi visichanganywe katika sentensi moja, maana bosi akikataa ombi anaweza kudhani amekataa vyote. Barua yake iwe fupi:

"Mwanangu amelazwa tangu jana usiku na mimi ndiye mlezi wake pekee. Nitatumia siku zangu tatu zilizobaki chini ya kifungu cha 34, kuanzia leo hadi Jumatano. Naomba pia siku tatu za likizo ya mwaka, Alhamisi hadi Jumamosi. Ikishindikana, naomba ziwe likizo bila malipo. Jumatano mchana nitawajulisha daktari amesemaje. Uthibitisho wa hospitali nitauleta."

Ahadi ya Jumatano ina kazi yake. Hakuna daktari anayeweza kuahidi siku ya kuruhusiwa, na msimamizi anayejua lini atapata habari hupanga mtu wa kushika nafasi badala ya kukasirika. Asubuhi ile ile ampigie msimamizi, kisha atume maneno hayo hayo kwa meseji, kwa sababu simu haiachi maandishi. Kuondoka kimya ni hatari: kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu.

Mwajiri anaruhusiwa kudai uthibitisho kabla ya kulipa. Hapa watu huleta karatasi ya ED, ambayo kwa kawaida humpumzisha mgonjwa mwenyewe, na afisa utumishi huirudisha. Bora kumwomba daktari barua fupi yenye jina la mtoto, tarehe ya kulazwa na ya kuruhusiwa, na jina la mzazi aliyekaa naye wodini. Aiombe kabla ya kutoka. Kuifuata wiki ijayo ni foleni nyingine.

Mwisho wa mwezi aangalie karatasi ya mshahara na salio la likizo ya mwaka. Salio likipungua kwa sita badala ya tatu, siku zake za haki zimekatwa kimyakimya kutoka kwenye mapumziko yake. Aanze kwa kuuliza ofisini, akiwa na meseji ile mkononi. Wakikataa kurekebisha, anaweza kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa fomu namba 1 ya Tume, ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze.