Grenda Ikipasua Diski: Yale Tunayohitaji Kuyajua

Fundi mmoja wa kuchomelea mageti kando ya barabara alipasukiwa na diski ya grenda alipokuwa akikata bomba. Kipande kimoja kilimchana shavu hadi kwenye nyusi. Tulipofika, majirani walikuwa wamekwisha kufagia vipande, na mwenye karakana alikuwa ameifungia mashine ndani. Walihofu kwamba tumekuja kukamata mtu.

Kwa bahati, kijana mmoja alikuwa amekiokota kipande cha katikati chenye maandishi. Hicho ndicho kilichotueleza jambo. Diski ilikuwa ya milimita 180, na kasi yake ya juu iliyoandikwa ni mizunguko 8,500 kwa dakika. Kibao cha mashine kilionyesha mizunguko 11,000, nayo ilitengenezwa kwa diski za milimita 115. Mafundi wengi hudanganywa na tundu la katikati: kwa kuwa ni la ukubwa mmoja, diski kubwa huingia bila shida katika mashine ndogo. Lakini kinga ya chuma huizuia, na kwa hiyo hufunguliwa na kuwekwa kando. Hivyo diski inayozungushwa kupita uwezo wake hubaki bila kizuizi chochote mbele ya uso wa fundi.

Kwa sababu hiyo, ajali kama hii ikitokea, kwanza chomoeni waya wa umeme. Ikiwa kipande kimezama jichoni, msikivute. Lifunikeni jicho bila kuligandamiza, kisha mpelekeni majeruhi hospitalini. Baada ya hapo mashine iachwe kama ilivyo. Asiirudishie mtu kinga ambayo haikuwepo, wala asifunge diski mpya. Okoteni vipande vyote, hasa pete ya katikati, kwa kuwa mara nyingi huwa na tarehe ya mwisho ya matumizi.

Mkituletea taarifa, tutauliza kama kinga ilikuwepo, kama ilikuwa imepinda au kulegea, na kama ilielekezwa upande wa fundi. Tutauliza pia alivaa nini. Jibu la kwamba alivaa miwani halitoshi, maana fundi wetu alivaa miwani ya jua, nayo ilivunjika. Ngao ya uso haikuwepo kabisa. Tutataka kujua pia kama diski ilikuwa imeanguka au kulowa kabla ya kazi, na kama ilitumiwa kusaga kwa ubavu ilhali ni ya kukatia.

Diski nyingi hapa kwetu hununuliwa ng'ambo ya mpaka. Hilo lisiwazuie kuripoti. Leteni risiti au kifungashio, na kama havipo, tuelezeni soko na siku ya kununua. Ikiwa diski ilifungwa kwenye mashine inayoifaa na bado ikapasuka, huenda nyingine za kundi hilo hilo zingali zinauzwa.